Umbali si mwanga, kiputo si oksijeni

(Hotuba hii niliitoa Jumamosi hapa Mbeya mjini, mbele ya walimu wa baiolojia na wanafunzi wao wa kidato cha tatu na cha nne. Wenzetu wa Ileje na Makete mvua iliwafungia njia, ndiyo maana naiweka yote. Michoro ya ubaoni nimeiacha, nimejaribu kuisema kwa maneno.)

Walimu wenzangu, wanangu wanafunzi, habari za asubuhi. Wakubwa wangu, shikamooni.

Hapa mezani nina bilauri mbili. Nimezijaza maji ya bomba sasa hivi, na mnayajua maji ya bomba ya Mbeya saa mbili asubuhi: ukinawa unaamka mara ya pili. Bilauri ya kwanza ina tawi la haidrila, ule mmea laini wa majini unaoota kwenye mabwawa yetu ya samaki. Vitabu vyenu vinauita elodea, lakini elodea asili yake ni Amerika, na kwa kazi ya leo haidrila inatosha kabisa. Bilauri ya pili ina penseli. Ndiyo, penseli, hii ya kuandikia. Taa moja inazimulika zote mbili. Msiniulize kwa nini. Ziacheni hapo, tutazirudia.

Nimekuja na maneno mawili tu, yote ya kupima usanisinuru, yaani mmea kutumia mwanga kujitengenezea chakula na kutoa oksijeni. La kwanza: umbali si mwanga. La pili: kiputo si oksijeni. Mwenye kusinzia asinzie, ila ayashike hayo mawili.

Niwasimulie jaribio moja tulilofanya mwezi wa saba mwaka jana. Tulikata tawi la haidrila la sentimita 8 hivi kwa wembe mkali, kwa mshazari, likiwa ndani ya maji. Tukaligeuza kichwa chini, mkato ukatazama juu, tukalishikisha kibanio cha karatasi lisielee. Kwenye maji, nusu lita, tuliweka nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, kama gramu 2 na kitu, ili mmea usikose kabonidayoksaidi. Mbele ya taa tukaweka chombo bapa cha kioo chenye maji ili kinywe joto la balbu. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi ya bweni, na harufu yake siisemi. Kila tulipoisogeza taa tulisubiri dakika 5 mmea utulie, ndipo tukahesabu viputo vinavyotoka kwenye mkato kwa dakika moja, mara tatu, tukachukua wastani.

Tulipata hivi. Taa ikiwa sentimita 50, viputo 5 kwa dakika. Sentimita 40, viputo 10. Sentimita 30, viputo 20. Sentimita 20, viputo 38. Sentimita 10, viputo 44.

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana makini, alichora grafu: umbali chini, viputo pembeni. Mstari ukashuka kwa mkunjo mzuri. Akaandika chini yake: taa ikisogea karibu, usanisinuru unaongezeka. Nikampa vema kubwa nyekundu. Nikaenda kulala. Kesho yake nikaitazama tena ile grafu na nikajiona mimi ndiye niliyefeli, maana nilimpa vema kwa grafu iliyoficha jambo lenyewe tulilolitafuta.

Imeficha nini? Kwanza tujiulize: taa ikitoka sentimita 20 kuja sentimita 10, mwanga unaoufikia mmea unaongezeka mara ngapi? Nasikia huko nyuma mnasema mara mbili. Hapana. Leo usiku chukua tochi, simama hatua moja kutoka ukutani, tazama duara la mwanga. Rudi nyuma hatua moja zaidi. Duara limepanuka mara mbili kwenda juu na mara mbili kwenda pembeni. Mwanga uleule sasa umetandazwa kwenye ukuta mkubwa mara nne, kwa hiyo kila sehemu inapata robo. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Ukizidi mara tatu, unabaki moja ya tisa. Ukizidi mara tano, moja ya ishirini na tano.

Kwa hiyo chukua 1, gawanya kwa umbali uliozidishwa kwa umbali wenyewe, na ili tusisumbuliwe na desimali, mwanga wa sentimita 10 tuuite 100. Basi sentimita 20 ni 25. Sentimita 30 ni 11. Sentimita 40 ni 6 na robo. Sentimita 50 ni 4.

Mnaona? Kwenye rula, hatua zote zilikuwa sawa, sentimita kumi kumi. Kwenye mwanga, hatua ya mwisho peke yake, kutoka 25 kwenda 100, ni kubwa kuliko nyingine zote zikijumlishwa. Umbali si mwanga.

Sasa tuchore upya, mwanga chini, viputo pembeni. Kutoka 4 hadi 6 na robo viputo vimepanda kutoka 5 hadi 10. Kutoka 6 na robo hadi 11 vimepanda kutoka 10 hadi 20. Huu ni mstari ulionyooka: kila kipimo kimoja cha mwanga kinaleta viputo viwili na kidogo. Mstari huo ungeendelea hivyohivyo, kwenye 25 tungepata viputo karibu 50. Tulipata 38. Kwenye 100 tungepata zaidi ya 200. Tulipata 44! Mwanga umeongezeka mara nne, mmea umetuongezea viputo sita. Hapo grafu imelala chini kama mbuga ya Usangu. Na ile grafu ya umbali ilikuwa imelificha hilo kabisa, ikatuonyesha mkunjo unaopendeza, tukapiga makofi.

Kabla sijaliacha hili, tazameni ncha ya chini ya mstari. Ukiurefusha kushuka, haufiki kwenye sifuri ya mwanga. Viputo vinaisha mwanga ukiwa kama 2 hivi, ambao ni sentimita 70. Tulijaribu: sentimita 70, tukakaa dakika 5, tukapata kiputo kimoja tu. Je, mmea umeacha usanisinuru? Haujaacha. Unatengeneza oksijeni na unaivuta palepale kwa kupumua, maana mmea nao unapumua usiku na mchana. Tunachokihesabu ni salio, si mapato yote. Wenye maduka mtanielewa haraka.

Na angalizo moja la ufundi, nalisema upesi. Kanuni hii ya robo ni ya mwanga unaotoka kama nukta. Taa ndefu ya dari haiifuati. Taa ya mezani yenye kikombe kinachong'aa ndani haiifuati vizuri. Balbu nene ikiwa sentimita 10 nayo inaanza kuivunja, na hapo pima kutoka katikati ya balbu, usipime kutoka kwenye kioo chake. Dirisha likiwa wazi ndiyo kabisa: taa inakwenda mbali lakini mchana haubanduki. Utajuaje? Viputo vitakuwa vilevile kwenye sentimita 60, 80, hata mita moja. Ukiona hivyo, umepima mwanga wa dirisha.

Sasa ile mbuga. Kwa nini grafu imelala?

Wale wa Rungwe na Mufindi mnijibu hili. Shamba la chai lina wachumaji, lina lori moja la kupeleka majani kiwandani, lina mashine za kuyasindika. Wachumaji wakiwa kumi, lori linaondoka nusu tupu. Ukiongeza wachumaji, chai inaongezeka. Ongeza tena, inaongezeka tena. Ikifika siku lori limejaa hadi majani yanamwagika, mchumaji wa hamsini anaongeza nini? Anaongeza rundo linalonyauka kando ya barabara. Kinachobana sasa ni lori. Leta lori la pili, chai itapanda tena, mpaka mashine za kiwandani zizidiwe. Mara zote kinachobana ni kile kilicho haba kuliko mahitaji kwa wakati huo, na si lazima kiwe kile unachokiongeza wewe.

Mwingereza mmoja, Blackman, aliliweka hili wazi kwa usanisinuru mwaka 1905. Mwanga ni wachumaji wetu. Kabonidayoksaidi ni lori. Vimeng'enya ndani ya jani ni mashine za kiwanda, na mashine hizi zinakwenda kwa kasi ya joto: kukiwa na baridi, zinazubaa. Blackman aliichora kona ya grafu kama pembe kali. Yetu ilijipinda taratibu pale kwenye sentimita 20, na sababu mnaweza kuiona kwa macho: majani ya mbele yameshashiba mwanga wakati ya nyuma, yaliyo kivulini, bado yana njaa.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo majibu mengi ya mtihani yanapoanguka. Grafu ikilala inakuambia kwamba mwanga haubani tena. Haikuambii nini kinabana. Narudia: haikuambii nini kinabana! Mwanafunzi anaandika "kabonidayoksaidi" kwa sababu kitabu kimeandika hivyo. Umejuaje? Umejaribu?

Sisi tulijaribu. Nina mwalimu rafiki yangu huko Kyela. Nilimpigia simu, nikampa vipimo vyote: haidrila, soda ileile, balbu ya aina ileile. Maji yetu Mbeya mwezi wa saba yalikuwa nyuzi 15. Yake yalikuwa 25, na yeye analalamika kuna baridi! Kwenye mwanga hafifu, sentimita 40 na 50, hesabu zetu zilikaribiana sana, zake zikiwa chini kidogo, maana kwenye joto mmea unapumua zaidi. Lakini kwenye sentimita 10, mimi nina 44, yeye ana 80 na kitu. Taa ileile, soda ileile. Maana yake nini? Kwenye mwanga hafifu, mwanga ndio uliobana, joto halikuwa na la kusema. Kwenye mwanga mkali, kilichonibana mimi ni baridi. Ili nisimwamini Kyela kwa simu tu, maana matawi mawili si ndugu, niliichukua bilauri yangu, nikaiweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka ikafika nyuzi 25, taa sentimita 10. Viputo vikapanda hadi 70 na zaidi. Tawi lilelile. Sasa naweza kuandika "joto" na nikalala usingizi.

Kuna siku nyingine ilikuwa tofauti. Shule moja waliniita wakisema haidrila yao imegoma: taa iko sentimita 10, maji yana joto la kutosha, na kiputo hakuna. Nikauliza, maji mmeyatoa wapi? Wakasema kwa fahari: tumeyachemsha, Mwalimu, tukayapoza, yawe safi. Jamani! Maji yakichemka yanafukuza gesi zote zilizomo, kabonidayoksaidi ikiwemo. Lori limeondolewa barabarani. Tulitia soda, tukakoroga polepole, tukasubiri. Dakika kama kumi hivi, mkato ukaanza kutoa viputo kimoja kimoja, kisha mfululizo.

Kina mama wa mapishi mnisamehe, soda hapa ni bekingi soda, si bekingi pauda. Bekingi pauda ina tindikali ndani yake, ikiguswa na maji inatoa povu lake lenyewe, mtahesabu povu la mandazi. Na msitie magadi ya maharage. Yanayapandisha maji uchungu wa nyongo, na kaboni inageuka kuwa katika hali ambayo mmea hauwezi kuitumia.

Sasa neno la pili. Kiputo si oksijeni.

Mwaka 1779, daktari wa Kiholanzi aitwaye Ingenhousz aliona kwamba majani yaliyozamishwa majini hutoa viputo juani na huacha gizani. Alichokiona ni kweli, na viputo ni ushahidi mzuri kwamba kuna kitu kinatengenezwa. Shida inaanza tunapovigeuza kuwa hesabu.

Kwanza, ukubwa. Nilikuwa na matawi mawili kwenye meza moja. La kwanza lilitoa viputo 40 kwa dakika, vidogo, upana wa milimita moja. La pili lilitoa 12, vikubwa, upana wa milimita mbili. Wanafunzi wote wakaandika kwamba la kwanza limefanya kazi zaidi ya mara tatu. Nani anakubali? Kiputo chenye upana mara mbili kinabeba gesi mara nane: mbili mara mbili mara mbili. Kwa hiyo viputo 12 vikubwa ni sawa na viputo 96 vidogo. Lile lililohesabiwa mvivu limefanya kazi zaidi ya maradufu! Na ukubwa unategemea nini? Unategemea mkato. Wembe mkali unatoa kiputo cha namna moja, mkasi butu uliolibonda shina unatoa cha namna nyingine au unaziba kabisa. Ndiyo maana tawi lisibadilishwe katikati ya jaribio, wala lisikatwe upya.

Pili, si oksijeni yote inayotoka kama kiputo. Nyingi inayeyuka kwenye maji kimyakimya, hasa mwanzoni na hasa kwenye maji baridi. Na kilichomo ndani ya kiputo si oksijeni tupu, maana naitrojeni iliyokuwa majini inapenya humo pia. Dakika za kwanza ndiyo usizihesabu kabisa: shina la mmea wa majini lina mifereji ya hewa, na ukiligusa au ukiliwashia taa ghafla linatema hewa ya zamani.

Tatu, hili ni la kwetu watu wa milimani. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela kama mita 500. Hewa huku inabana kidogo kuliko kule, kwa hiyo gesi ileile huku inajaza nafasi kubwa zaidi, kama asilimia 15 hivi. Ile hesabu yangu na ya rafiki yangu wa Kyela ilikuwa na dosari hiyo tangu mwanzo. Haifuti tofauti ya 44 na 80, lakini ingekuwa tofauti ya 44 na 48, nisingethubutu kusema lolote.

Dawa yake ipo na ni rahisi: usihesabu, kusanya. Chukua mrija mwembamba wa kioo wenye tundu la milimita moja, ujaze maji, mdomo wake mmoja uwe mpana kama faneli uukalishe juu ya mkato, mwingine uunganishe na bomba la sindano. Acha viputo vikusanyike kwa dakika 5, kisha vuta sindano taratibu mpaka gesi yote ijipange ndani ya mrija kama mstari mmoja, upime kwa rula. Kila milimita 10 za mstari ni karibu milimita za ujazo 8. Viputo vikubwa na vidogo vyote vimeingia humo, ugomvi wa ukubwa umekwisha. Tatizo la oksijeni iliyoyeyuka linabaki, na la naitrojeni linabaki. Usiseme limekwisha.

Haya, turudi kwenye bilauri. Wewe binti wa mbele, njoo. Usiguse meza. Tazama haidrila, hesabu viputo vyote unavyoviona, vya majani na vya mkato. Na wewe kijana, tazama penseli, utuambie unaona nini.

(Hapo ukumbi ulinyamaza, kisha watu wakaanza kucheka, maana kijana alisema: "Mwalimu, imevaa shanga." Tulihesabu 31 kwenye penseli, na viwili vilibanduka vikapanda tukiwa tunatazama.)

Mnaona? Maji baridi ya bomba yamekuja na hewa iliyoyeyuka. Ukumbi una joto, taa ina joto, maji yanapata vuguvugu, hewa inatoka na kunata popote penye ukwaruzo: kwenye penseli, kwenye kioo, na kwenye majani ya haidrila. Penseli haifanyi usanisinuru! Kwa hiyo, binti, vile ulivyohesabu juu ya majani vifute vyote. Vilivyotoka mfululizo kwenye mkato vilikuwa vingapi? Kumi na tisa. Andika 19. Sasa zima taa, nyote mkae kimya dakika mbili, tuone vingapi vinaendelea kutoka hapo kwenye mkato gizani.

(Tulipata viputo vitatu dakika ya kwanza, hakuna dakika ya pili. Penseli iliendelea kuvaa shanga zake.)